Shajara ya maikrotichingi: eneo la mstatili, toka vipande vya boksi mpaka fomula

Jumatatu, wiki ya kwanza

Leo tumegawiwa mada za maikrotichingi na mimi nimeangukia eneo la mstatili, darasa la nne. Dakika 12, wenzangu wanane wanakaa kama wanafunzi, mmoja anashika simu anarekodi, mkufunzi anakaa nyuma na karatasi yake. Kwa wasioijua hii kitu, ni ufundishaji mdogo, unachukua stadi moja tu unaifundisha kwa muda mfupi, mnaangalia video, unakosolewa, unapanga upya unarudia. Walianza nayo Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani miaka ya 1960 na mpaka leo vyuo vya ualimu vinaitumia, kwa sababu makosa yako unayaona mwenyewe kwenye video, hakuna wa kubishana naye.

Stadi niliyopewa: kumtoa mtoto kwenye vitu halisi, umpeleke kwenye mchoro, halafu kwenye fomula. Ni ile nadharia ya mwanasaikolojia Bruner tuliyosoma muhula uliopita, mtoto anaanza kwa kutenda, anakuja picha, mwisho alama. Kwa mtihani nimeikariri vizuri tu. Nikadhani hii mada ni mteremko, maana eneo si urefu mara upana, kuna nini tena hapo.

Nimeamua kuweka shajara kwa sababu mkufunzi anataka tafakuri iandikwe na mimi nikisubiri mpaka mwisho nasahau.

Jumanne usiku

Zana. Wazo la kwanza lilikuwa vizibo vya soda, vipo bure pale dukani kwa mangi, nimerudi na mfuko mzima. Nikachora mstatili kwenye manila, nikaanza kupanga. Vizibo ni vya duara kwa hiyo kila vinne vikikutana vinaacha kitobo katikati. Sasa ukimwambia mtoto eneo ni sehemu yote iliyofunikwa na yeye anaona manila inachungulia kwenye vitobo, umemdanganya. Nikaviweka pembeni ila sijavitupa, nitavitumia dakika moja kuonyesha kwa nini tunapima kwa mraba na siyo kwa kitu chochote kile.

Nikahamia kwenye boksi la sabuni. Nikakata vimraba vya sm 5 kwa sm 5, vipande 72, maana nina grupu tatu na kila grupu lina mstatili wa sm 30 kwa sm 20, unaingia 6 kwa mlalo na safu 4, jumla 24. Saa tatu usiku nikaanza kukata, saa tano nikamaliza, vidole vimechubuka na ule mkasi wa kuazima. Nikavipanga nione. Safu ya kwanza vipande sita, mwisho panabaki uwazi kama upana wa kidole! Kumbe nilikuwa nakata ndani ya mstari wa penseli kila mara, kipande kimekuwa sm 4.8. Ukipanga sita unapata 28.8, umepungukiwa sm 1.2, na mtoto wa darasa la nne ataona kabisa kuna nafasi, atataka kuchomeka kipande cha saba.

Nikarudia vyote. Safari hii nilikata kipande kimoja nikakipima mara mbili mbili, nikakitumia kama kielelezo, nazungushia penseli kwa nje halafu nakata kwa wembe na rula ya chuma. Vimetoka safi. Ushauri wa bure kwa atakayefuata: usipime kila kipande na rula, utakuwa unakosea kidogo kidogo kila mahali.

Jumatano

Kabla ya kusimama mbele ya wenzangu nikawaita watoto wawili wa hapa tunapopanga, mmoja darasa la nne, mwingine la tatu, nikawaahidi maandazi. Nilitaka nione tu kama mtiririko unakaa.

Vipande wamepanga vizuri mno, dakika mbili wamejaza, wamehesabu 24. Nikafurahi. Nikachora mstatili mwingine kwenye daftari, sm 6 kwa sm 3, nikauliza eneo. Yule wa darasa la nne akainamisha kichwa, akaandika, akanipa: 18. Nikaweka tiki kubwa, nikampa andazi la ziada.

Usiku ndio naangalia karatasi yake vizuri. Pembeni, kwa maandishi madogo, kaandika 6+3+6+3. Yaani katafuta mzingo! Kazunguka nje, na mstatili wa 6 kwa 3 mzingo wake ni 18 na eneo lake ni 18. Nimecheka peke yangu halafu nikaacha kucheka. Nikakaa nikatafuta ni mistatili gani mingine ina huu mtego, ukiacha vipimo vya nusu nusu iko miwili tu, huo wa 6 kwa 3 na mraba wa 4 kwa 4 ambao unatoa 16 na 16. Na mimi katika namba zote duniani nimeenda kuchagua mmojawapo. Nadhani ni kwa sababu ni namba ndogo nzuri nzuri, ndizo zinazokuja kichwani kwanza, kwa hiyo sitashangaa kama kuna walimu wengi wanazitumia bila kujua.

Hiyo imenifundisha mambo mawili. Kwanza hizo namba zinatoka kwenye andalio la somo moja kwa moja. Pili, jibu sahihi halinionyeshi mtoto kafikaje, lazima nione njia.

Ijumaa, maikro ya kwanza

Sasa mje mcheke.

Kwanza shida ya maikro na wenzako ni kwamba wanafunzi wako ni watu wazima wa miaka 22 wanaojua fomula tangu wako shule ya msingi. Nauliza "vipande vingapi vimefunika?" kabla sijamaliza mtu kasharusha mkono, "Mwalimu, ishirini na nne, sita mara nne!" Nikawa sina cha kufundisha, nimefika mwisho kabla ya kuanza. Kuna mmoja tu aliyejitahidi kuwa mtoto, tena mtoto msumbufu, na huyo ndiye aliyenisaidia. Kachukua rula, kapima manila, kanyoosha kidole: "Mwalimu, mimi nimepima nikapata 30 na 20. Nikizidisha napata 600. Wewe unasema 24. Ipi sahihi?"

Darasa kimya. Mimi kimya. Kwenye video nimekaa sekunde kumi na moja sijasema kitu, nimezihesabu.

Zote mbili ni sahihi ndio jibu. 24 ni vimraba vya sm 5, na kila kimoja kina sm za mraba 25 ndani yake, 24 mara 25 ni 600. Ila ukianza kulieleza hilo dakika ya sita kwa mtoto ambaye hata fomula hajaifikia, umempoteza. Kosa ni langu, nilileta vipande vya sm 5 halafu nikaacha rula mezani, yaani vipimo viwili kwa wakati mmoja.

Pili, muda. Vitu halisi vimekula dakika 9, mchoro nimepitisha kwa dakika moja na nusu, fomula nimeiandika ubaoni huku kengele inagonga. Nimeandika E = u × p nikasema "kwa hiyo mnaona." Wameona nini sasa.

Tatu, hili amelisema mkufunzi wakati tunaangalia video na limenikaa kichwani mpaka sasa. Alisimamisha video pale grupu la pili wanapanga vipande, akauliza, "Hapo mtoto amefikiria nini?" Tukasema anapanga safu. Akasema hapana, vipande vinajipanga vyenyewe. Kipande cha boksi kina pembe nne na ukingo ulionyooka, ukikisukuma kinagusa mwenzake kinasimama, kwa hiyo safu inatokea hata kama mtoto hajui safu ni nini. Halafu anahesabu moja moja mpaka 24. Hajazidisha popote, hana sababu ya kuzidisha, kwa nini azidishe wakati vitu viko mbele yake anaweza kuvihesabu? Halafu wewe mwalimu unaruka kwenda kwenye kuzidisha na unadhani kipande kimemfundisha.

Nikajibu, "Sasa mkufunzi, si tumeambiwa tuanze na vitu halisi?" Akasema anza navyo, ila mpe mtoto kazi ambayo vitu vyenyewe haviwezi kuimaliza.

Nimetoka pale kichwa kinauma kidogo ila nimeelewa kitu.

Jumamosi

Nimewaita tena wale watoto wawili, maandazi mengine. Safari hii hakuna vipande. Nimechora mstatili wa sm 6 kwa sm 4 kwenye karatasi nyeupe, kona ya juu kushoto nimechora kimraba kimoja cha sm 1, nikasema: "Malizieni kuchora vimraba vyote vinavyoingia humu, mniambie ni vingapi."

Hapo ndipo nimeona mambo ambayo vipande vya boksi vilikuwa vinaficha.

Wa darasa la tatu amechora kimraba kimoja kimoja, kila kimoja na kingo zake nne, vingine vidogo vingine vikubwa, safu ya kwanza vimetoka vitano, ya pili saba, ya tatu imepinda kama barabara ya Lushoto. Amehesabu 26. Hapo hajakosea kuhesabu, amehesabu alichochora. Tatizo ni kwamba kwake kila kimraba ni kitu peke yake, hajaona kwamba mstari mmoja mrefu unatenganisha safu nzima kwa mara moja.

Wa darasa la nne, yule wa mzingo, kachora vimraba kuzunguka ukingo wote halafu katikati kaacha wazi. Nikamuuliza na hapa katikati? Akasema "hapo pamebaki." Kwake eneo bado liko pembeni. Nikamwambia ajaze na katikati, akachukua rula, akaweka alama ndogo ndogo kila sm 1, juu na ubavuni. Nikasema huyu sasa kafika. Akahesabu alama, juu saba, ubavuni tano, akazidisha akapata 35. Alama ya sifuri na yeye kaihesabu! Kwenye urefu wa sm 6 alama ziko 7, ila nafasi katikati ya alama ni 6. Ni kama nguzo za uzio, nguzo zinazidi nafasi kwa moja.

Sikumsahihisha. Nilimpa tu penseli nikamwambia unganisha alama ya juu na ya chini kwa rula, mstari mrefu, halafu weka kidole ndani ya kimraba, siyo juu ya mstari. Akaweka kidole, moja, mbili, tatu... sita. Akaangalia ile 7 yake, akaifuta mwenyewe. Nikamuuliza safu ya pili ina ngapi, akataka kuanza kuhesabu halafu akasimama, akasema "si sita hizo hizo."

Hiyo sentensi ndiyo somo zima jamani. Fomula haina kitu kingine ndani yake zaidi ya hiyo: safu moja ina ngapi, na safu kama hiyo ziko ngapi. Mtoto akiwa nayo, u × p ni kufupisha tu maneno yake mwenyewe. Asipokuwa nayo atakariri, na akikariri wiki ijayo atachanganya na ile ya mzingo, maana zote kwake ni namba mbili unazifanyia kitu fulani.

Jumapili na Jumatatu

Nimeandika andalio upya. Mkufunzi kakubali marudio nisifanye na wenzangu, nikachukue watoto sita wa darasa la nne shule ya mazoezi hapo jirani, na kanipa dakika 20 kwa vile ni watoto wa kweli. Nimegawa hivi: utangulizi 2, vitu 5, mchoro 8, fomula 5. Mchoro ndio umepewa muda mwingi, kinyume kabisa na mara ya kwanza.

Mabadiliko yenyewe ni haya. Kwanza, vipande navipunguza. Mstatili ule ule unaoingia vipande 24, ila kila watoto wawili wanapata vipande 9 tu. Kwa nini 9: ukipanga safu moja ya juu yenye 6 na ukashuka ubavuni mpaka safu ya nne, unatumia 6 na 3, kile cha kona kinatumika pande zote mbili. Kwa hiyo vinatosha kuonyesha juu na ubavu ila havitoshi kufunika. Hapo mtoto hawezi kuhesabu moja moja mpaka mwisho, lazima afikirie vile visivyokuwepo.

Pili, rula haionekani kabisa mpaka kwenye mchoro. Kwenye vitu tunasema "vipande" tu. Kwenye mchoro tunatumia kimraba cha sm 1, na hapo rula inapoingia namba ya rula na idadi ya vimraba inakuwa moja, sm 6 maana yake vimraba sita vinaingia kwenye safu. Suala la 24 na 600 nimelihamishia siku nyingine, ni zuri ila ni somo lake peke yake.

Tatu, namba. Hakuna 6 kwa 3, hakuna 4 kwa 4. Nimechagua mistatili ambayo eneo na mzingo ni namba tofauti ili mtoto akizunguka nje nimjue.

Alhamisi, shule ya mazoezi

Saa nne na nusu asubuhi, watoto sita, wanne wasichana, wamekaa kwenye madawati mawili niliyoyasogeza yakatazamana. Mwenzangu anarekodi. Mkufunzi amekaa dirishani.

Utangulizi: vizibo. Nimefunika kipande cha manila kwa vizibo nikauliza "pamefunikwa pote?" Wakapiga kelele hapanaaa, mmoja kaja kuchomeka kidole kwenye kitobo. Nikauliza tutumie umbo gani lisiache vitobo, nikapata mraba, nikapata pia pembetatu (ambayo ni kweli kabisa, sikuitegemea, nikasema sawa, leo tunatumia mraba).

Vitu. Nimewapa vipande 9 kila wawili. "Madam, havitoshi." Nikasema ndivyo hivyo vilivyopo, niambieni vingeingia vingapi. Wawili wa kwanza walitawanya vipande huku na huku katikati ya mstatili wakaanza kukisia. Wawili wa mwisho walipanga juu na ubavu kama nilivyotegemea, wakahesabu 9, wakasema tisa. Nikauliza "hapa katikati hapana kitu?" wakaanza kunong'onezana.

Sasa wale wa katikati. Walipanga safu ya kwanza, sita, wakabaki na vitatu mkononi. Mmoja, kasichana kadogo ambako mpaka hapo hakakuwa kamesema neno, kakaweka kiganja kwenye ile safu, kakaisukuma yote kwa pamoja ikashuka chini hatua moja. Kakasema taratibu "sita." Kakasukuma tena, "kumi na mbili." Tena, "kumi na nane." Ikafika ukingo wa chini, "ishirini na nne." Mwenzake kamtolea macho. Nikaona mkufunzi kasimama kutoka dirishani.

Nilikuwa nimepanga kueleza kitu hapo, kwenye andalio kuna sentensi tatu nzima. Nikaziacha. Nikamwambia rudia wenzako waone, akarudia, na wale wengine wakafanya na wao, safu inashuka kama droo. Wale wa 9 ndio waliobishana zaidi, mmoja anasema 6 na 4 ni 10, mwenzake anasema hapana kile cha kona umekihesabu mara mbili. Wote wawili bado wanajumlisha. Ila baada ya kusukuma safu wakanyamaza wenyewe.

Mchoro. Karatasi yenye mstatili wa sm 7 kwa sm 4 na kimraba kimoja konani. Watoto wawili walianza kuchora kimoja kimoja, nilitegemea, nikawapa rula nikauliza tu "ile safu uliyosukuma hapa iko wapi?" Mmoja kachora mstari mrefu wa mlalo papo hapo. Mwingine aliendelea na vimraba vyake, nikamwacha amalize, akapata 31, akalinganisha na jirani yake mwenye 28, wakaanza kuhesabu pamoja, akaona vimraba vyake vingine vimekonda. Kosa la kuhesabu alama limetokea kwa mmoja tu, kapata 8 kwa 5, 40, ile dawa ya kidole ndani ya kimraba imefanya kazi tena.

Kisha nikawapa mchoro wa pili ambao nimeupenda kuliko yote: mstatili wenye vimraba vimechorwa vyote, 8 kwa 5, halafu nimegundisha karatasi nyeusi juu yake imefunika kila kitu isipokuwa safu ya juu na ya ubavuni. "Chini ya karatasi kuna nini, na vimraba vyote pamoja ni vingapi?" Mtu akisema 13 au 12 unajua anahesabu anachokiona. Wanne wakasema 40 bila kugusa karatasi. Mmoja kasema 12. Mmoja alijaribu kuinua karatasi achungulie, hahaha, nilibandika kwa gundi nikijua.

Fomula. Nikauliza mnafanyaje kupata jibu haraka, tuandike kwa maneno. Wakasema, nikaandika walivyosema: "cha safu moja mara safu zote." Kiswahili chao kabisa. Chini yake nikaandika vimraba vya safu moja × idadi ya safu. Nikachora mstatili mtupu, hauna vimraba, nikaweka sm 9 na sm 4, nikauliza safu moja ingeingia vimraba vingapi, umejuaje? "Kwa sababu rula imesema tisa." Hapo ndipo nikafuta "vimraba vya safu moja" nikaandika "urefu", nikafuta "idadi ya safu" nikaandika "upana". Eneo = urefu × upana, 36. Nikauliza 36 nini, kimya, halafu sauti moja "vimraba." Nikasema vimraba vya sentimita moja moja, tunaita sentimita za mraba.

Dakika 23. Nimezidisha tatu, mkufunzi hakusema kitu.

Ijumaa

Nimesahihisha karatasi za jana, maswali manne kwa kila mtoto, bila vimraba wala vipande.

La kwanza, sm 7 kwa sm 3, wote sita wamepata 21. Ila wanne wameandika "21 sm", mraba haupo. Nikiwauliza kwa mdomo wanasema vimraba, kwenye karatasi wanasahau, kwa hiyo wazo wanalo, mkono haujazoea.

La pili mstatili umesimama wima, sm 5 chini na sm 8 kwenda juu. Watano wamepata 40. Wa sita kaacha wazi, kaniambia hajui urefu ni upi kwa sababu umesimama. Hilo ni la kwangu, mistatili yangu yote jana ilikuwa imelala. Lingemalizika kwa kugeuza karatasi mbele ya macho yao, sekunde tano tu, safu 8 za vimraba 5 zinageuka safu 5 za vimraba 8.

La tatu, eneo sm za mraba 24, urefu sm 8, upana ni ngapi. Wanne wamepata 3. Hapa nikaangalia njia kama nilivyojiapiza, watatu wamegawanya, na mmoja, ni yule wa kusukuma, kaandika 8, 16, 24 halafu kazungushia duara mara tatu. Bado anasukuma safu kichwani. Sina haraka ya kumtoa huko.

La nne ndilo gumu, sm 5 kwa sm 2, tafuta eneo na mzingo. Eneo 10, mzingo 14. Watatu wamepata vyote. Wawili wamebadilisha, 14 kwenye eneo na 10 kwenye mzingo. Mmoja kaandika 10 pote. Kwa hiyo nusu ya watoto bado majina yanagongana, hata kama safu wanaziona. Mkufunzi anasema dakika 20 hazitoshi kwa hilo, na kwamba ningewapa uzi wa kuzungusha nje na vipande vya kufunika ndani kwa mstatili mmoja, mkono uone kwamba ni kazi mbili tofauti. Nimeandika.

Kwenye video nimeona pia natembea sana. Na nasema "sawa eeh?" kila baada ya sentensi, nimehesabu mara 31. Nitapunguza.

Jumatatu, wiki ya tatu

Mrejesho rasmi umetoka, sitauandika wote. Alama nzuri kwenye kuuliza maswali, za kati kwenye matumizi ya muda, na kwenye tafakuri kaandika swali moja kwa wino mwekundu: "Upana ukiwa sm 3 na urefu sm 4 na nusu, mtoto atasukuma nini?"

Nimekaa nalo leo. Safu inakuwa na vimraba vinne na nusu, unaisukuma mara tatu, unapata vizima 12 na nusu tatu, nusu mbili zinaungana kuwa kimoja, jumla 13 na nusu, na 4.5 mara 3 ni 13.5 kweli. Kwa hiyo kusukuma bado kunafanya kazi pale. Pande zote mbili zikiwa na nusu, tuseme 4.5 kwa 2.5, kona moja inatokea kakipande ambako ni robo, na hapo sijui kasichana kangu katasema nini.

Nimetoa ule wembe na kielelezo, nakata nusu na robo. Boksi limebaki kidogo, kesho nampitia mangi.